Maji ya bomba la jamii yananuka dawa: klorini imezidi, au imepungua?

Kituo cha kuchotea maji kimefungiwa kifaa cha kutia klorini. Wiki ya kwanza watu wanaochota alfajiri wanalalamika kwamba maji yanachoma pua. Msimamizi anapunguza valvu. Jioni ya siku hiyo hiyo mpimaji anafika, anapima, na kukuta klorini karibu imekwisha. Anaongeza valvu. Kesho yake alfajiri malalamiko yanarudi, makali kuliko jana, na wengine wameshaanza kurudi kisimani.

Kila upande una ushahidi wake, ndiyo maana mabishano hayaishi. Aliyechota alfajiri kweli alionja dawa, na mpimaji wa jioni kweli hakuikuta. Tatizo haliko katika wingi wa klorini kwa siku nzima. Liko katika kupanda na kushuka kwake ndani ya siku, na mara nyingine katika aina ya klorini iliyomo.

Tuanze na maneno yenyewe. Klorini inayotiwa kwenye maji tuiite dozi. Kiasi kinachobaki baada ya klorini kufanya kazi yake huitwa mabaki ya klorini, nacho ndicho kinachopimwa bombani. Vyote viwili hupimwa kwa miligramu ndani ya lita moja ya maji, kwa hiyo kila tutakapotaja miligramu hapa, ni kwa lita moja.

Dozi na mabaki havilingani hata siku moja. Fikiria unafua nguo chafu. Sabuni ya kwanza haitoi povu, kwa sababu uchafu unaila yote. Ukiongeza, povu linaanza kuonekana. Povu hilo ndilo mfano wa mabaki ya klorini: linakuambia kwamba uchafu uliokuwepo umeshughulikiwa na bado kuna akiba. Kwenye maji, vinavyokula klorini ni chuma, manganizi, mabaki ya majani na udongo, amonia, na vijidudu wenyewe. Miligramu 1 ya chuma kilichoyeyuka hula takriban miligramu 0.6 za klorini kabla hata kijidudu kimoja hakijaguswa. Ndiyo sababu dozi iliyofaa kituo kimoja haiwezi kunakiliwa kwenye kituo kingine chenye chanzo tofauti.

Akiba hiyo inahitajika kwa sababu safari ya maji haiishii bombani. Yanaingia kwenye dumu, yanabebwa, yanakaa nyumbani usiku kucha, mtu anatumbukiza kikombe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka maji yakae na klorini angalau dakika 30, na baada ya hapo mabaki yawe miligramu 0.5 au zaidi, pH ikiwa chini ya 8. Mahali mtu anapoyapokea maji, mabaki yasishuke chini ya 0.2. Kiwango cha juu ambacho shirika hilo linakiona salama kwa mtu anayekunywa maisha yake yote ni miligramu 5. Uvumi kwamba dawa ya maji huondoa uzazi hauna msingi katika viwango hivi. Lakini angalia siku uvumi huo unapoanza: mara nyingi ni siku ile maji yaliponuka. Ladha mbaya huupa uvumi nguvu, na mtu aliyekwisha kuogopa harudishwi bombani na karatasi ya vipimo.

Kwa hiyo ladha ina mipaka yake, na mipaka hiyo iko chini sana ya 5. Wapo watu wachache wanaoitambua klorini hata kwenye 0.3. Utafiti uliofanyika Dhaka, Bangladesh, na kuchapishwa 2018, ulikuta kwamba kiwango cha kati ambacho watu walianza kuitambua klorini kilikuwa karibu 0.7, na kiwango ambacho ladha yake iliacha kukubalika kilikuwa karibu 1.2. Namba hizo si sheria kwa kila mahali, kwani waliozoea maji yenye dawa huvumilia zaidi. Hata hivyo zinaonyesha wazi kwamba nafasi ya kufanyia kazi ni nyembamba: mabaki ya bombani yakiwa kati ya 0.4 na 0.7, wengi watakunywa bila kusema neno, na dumu litabaki na akiba hadi kesho. Kazi nzima ni kubaki ndani ya nafasi hiyo saa zote za siku.

Sasa tuone kifaa chenyewe. Aina iliyo rahisi zaidi haitumii umeme. Bomba linaloleta maji kwenye tangi la kituo hugawanywa mara mbili: maji mengi yanapita moja kwa moja, na machache yanachepushwa kupitia chemba yenye vidonge vya klorini. Maji ya mchepuko yanamomonyoa vidonge taratibu, yanatoka yakiwa na klorini kali, kisha yanaungana tena na maji mengi kabla ya kuingia tangini. Valvu kwenye mchepuko ndiyo inayoamua dozi. Valvu hiyo iwe ya kuzungusha mara kadhaa. Ile ya mpini, inayofunguka yote kwa robo mzunguko, ni nzuri kwa kufunga maji lakini hairuhusu marekebisho madogo.

Kifaa kufungwa kabla ya tangi, badala ya baada yake, kuna faida mbili. Kwanza, maji yanakaa na klorini tangini kabla ya kuchotwa, hivyo zile dakika 30 zinapatikana bila mtu kuambiwa asubiri. Pili, tangi linachanganya maji makali na maji hafifu, kama sufuria kubwa inavyomeza chumvi iliyozidi kidogo. Pasipo tangi, kifaa hufungwa karibu na bomba lenyewe, na hapo dumu la mchotaji ndilo linalokuwa tangi: lazima asubiri nusu saa kabla ya kunywa, na kila kuyumba kwa mkondo kunafika moja kwa moja mdomoni mwake.

Tuchukue mfano wa kituo kimoja na kukifuata hadi mwisho. Tangi lina lita 2,000. Watu huchota lita 3,000 kwa siku. Maji yanaingia kwa lita 12 kwa dakika, na boya linafunga tangi likijaa. Maji ni maangavu. Hilo la mwisho si jambo dogo: maji yenye tope huficha vijidudu na kula klorini bila mpangilio, na hakuna valvu inayoweza kurekebisha hilo. Tope huondolewa kwanza.

Kabla ya kugusa valvu, tunatafuta maji haya yanakula klorini kiasi gani. Tunatengeneza mmumunyo wa klorini wa asilimia 1, yaani gramu 10 za klorini ndani ya lita moja. Mililita 1 ya mmumunyo huo ikiingia kwenye ndoo ya lita 20 inatoa dozi ya miligramu 0.5. Tunajaza ndoo nne maji yasiyotiwa dawa, na kwa bomba la sindano tunatia mililita 1, 2, 3 na 4. Tunakoroga, tunafunika, tunasubiri dakika 30, tunapima.

Tuseme majibu ni haya: ndoo ya dozi 0.5 haina kitu, ya 1.0 ina mabaki 0.3, ya 1.5 ina 0.8, na ya 2.0 ina 1.3. Katika ndoo tatu za mwisho tofauti ni ile ile, 0.7. Hicho ndicho maji haya yanachokula. Tukitaka mabaki ya 0.5 baada ya nusu saa, dozi ni 1.2. Ndoo zile zile tunazifunika na kuzipima tena baada ya saa 24, ili kujua mabaki yanashuka kwa kasi gani yakikaa. Hapa ndoo iliyoanza na 0.3 imeshuka chini ya 0.1, na iliyoanza na 0.8 imebaki na karibu 0.4. Basi 0.5 ya bombani itamfikisha mtu kesho yake akiwa na takriban 0.2.

Kipimo cha kutumia ni kile cha DPD, kinachogeuza maji kuwa ya waridi. Unasuuza kichupa mara tatu kwa maji unayopima, unajaza hadi mstari, unatia kidonge cha kipimo namba 1, unasoma rangi ndani ya dakika moja, kivulini, mbele ya kitu cheupe. Ukichelewa, rangi huendelea kukolea na kukudanganya. Kuna udanganyifu mwingine wa hatari zaidi: klorini ikiwa nyingi kupita kiasi huiunguza rangi yenyewe, na maji yanabaki meupe kana kwamba hayana dawa kabisa. Ukiona waridi linamulika kisha linapotea, au maji yananuka sana na kipimo kinasoma sifuri, changanya sehemu moja ya maji hayo na sehemu tisa za maji yasiyo na klorini, pima tena, na uzidishe jibu kwa kumi. Msimamizi asiyejua hili anaweza kuongeza dawa kwenye maji yaliyokwisha kuzidiwa.

Sasa hesabu ya vidonge. Dozi ya 1.2 kwa lita 3,000 ni gramu 3.6 za klorini kwa siku. Kidonge cha gramu 200 cha TCCA, moja ya dawa za klorini zinazouzwa kama vidonge, kina klorini ya takriban asilimia 90, yaani gramu 180. Kinapaswa kumalizika kwa siku 50. Kwa siku kumi vidonge vya chemba vipungue uzito wa gramu 40 kwa jumla. Huu ni ukaguzi mzuri usiohitaji kemikali: pima uzito vikiwa vimechuruzika kwa muda ule ule kila mara, ukiwa umevaa glavu. Usivirudishe vidonge vibichi kwenye kopo na kulifunga, kwani hutoa gesi ya hatari. Usichanganye TCCA na vidonge vya kalisi hipokloraiti, dawa nyingine ya klorini, ndani ya chemba moja, hata mabaki yake tu: vikikutana huweza kuwaka au kulipuka. Na vidonge viwe vimethibitishwa kwa maji ya kunywa, si vile vya bwawa la kuogelea vyenye viongezo vingine.

Valvu imewekwa. Hapa ndipo vituo vingi vinapoharibikia, kwa kukosa subira. Tangi la lita 2,000 halibadiliki papo hapo. Maji yanapochanganyika vizuri, baada ya lita 2,000 kupita, tangi limefuata mpangilio mpya kwa karibu theluthi mbili tu. Baada ya lita 6,000 limefika asilimia 95. Kwa kituo kinachotoa lita 3,000 kwa siku, hizo ni siku mbili. Anayegeuza valvu asubuhi na kuigeuza tena mchana kwa sababu “haijabadilika” anakimbiza kivuli chake. Geuza moja ya nane ya mzunguko, andika tarehe, subiri siku mbili, pima.

Kituo chetu kilipimwa hivyo, mara tatu kwa siku. Alfajiri 1.5, mchana 0.6, jioni 0.2. Vidonge vilikuwa vimepungua gramu 39 kwa siku kumi, karibu sawa kabisa na hesabu. Kwa wastani wa siku kituo hakina kosa lolote. Lakini wa alfajiri wanakunywa maji ya kuchukiza, na wa jioni wanabeba nyumbani maji ambayo kufikia usiku wa manane hayatakuwa na kinga.

Sababu ilikuwa boya. Watu wanapoacha kuchota jioni, tangi linajaa, na kadiri linavyokaribia kujaa boya linaubana mkondo pole pole: kutoka lita 12 kwa dakika hadi lita moja, hadi mchuruziko. Mkondo mdogo unakaa na vidonge muda mrefu zaidi, unatoka mkali zaidi. Boya hili pia lilikuwa halifungi kabisa, kwa hiyo chemba ilichuruzisha klorini kali usiku kucha ndani ya tangi. Mchana, mkondo ukiwa kamili, dozi halisi ilikuwa chini ya 1.2, kwa sababu valvu ilikuwa imepunguzwa mara kadhaa kutokana na malalamiko ya alfajiri. Yaani kila aliyejaribu kuondoa ladha ya asubuhi aliiondoa kinga ya jioni.

Tiba yake haikuwa kwenye kemikali. Boya lilibadilishwa na kuwekwa lile linalobaki wazi kabisa hadi tangi lijae, likafunga kwa mkupuo, na lisifunguke tena mpaka maji yashuke vya kutosha. Chemba ikainuliwa ili mkondo ukikatika maji yachuruzike na vidonge vibaki juu ya maji, visiloe usiku. Pia bomba la kuingilia na la kutolea yalikuwa upande mmoja wa tangi, maji yakikatiza bila kuchanganyika, hivyo la kuingilia likapelekwa upande wa pili. Ndipo valvu ikapandishwa hadi dozi ya 1.2, zikasubiriwa siku mbili. Vipimo vikasoma 0.6, 0.5 na 0.5.

Ukiwa na kituo ambacho mabaki hayapandi na kushuka bali yanapungua kidogo kidogo kwa majuma, tafuta kingine: vidonge vya kalisi hipokloraiti huacha chokaa nyeupe inayoziba njia ya mchepuko. Toa vidonge vyote, suuza chemba kwa maji mengi, ukwangue. Siki au asidi isikaribie chemba yenye mabaki ya klorini, kwani gesi inayotoka huumiza mapafu.

Kuna hali moja ambayo mpangilio huu wote hauielezi. Maji yananuka dawa saa zote, na kipimo cha DPD namba 1 kinasoma kidogo sana, tuseme 0.1. Watu huhitimisha kwamba klorini imezidi, wakaipunguza. Mara nyingi ukweli ni kinyume. Tia kidonge cha kipimo namba 3 ndani ya kichupa kile kile, subiri dakika mbili, usome tena. Namba 1 inasoma klorini huru, ile yenye nguvu ya kuua vijidudu. Namba 3 inaongeza klorini iliyofungamana, yaani iliyonaswa na amonia. Ikiwa jibu la pili ni 0.9, basi 0.8 kati yake imenaswa: inanuka, ladha yake ni mbaya, na uwezo wake wa kuua ni mdogo mno.

Amonia hutoka kwenye vyoo vilivyo karibu, mbolea, au ardhi ya kinamasi. Klorini inapoongezwa, kwanza jumla inapanda. Ikifika uzito wa karibu mara tano ya nitrojeni ya amonia, harufu inaanza kuwa mbaya zaidi. Ukiendelea kuongeza, klorini inaivunja ile iliyofungamana, jumla inashuka, na kufikia mara nane hadi kumi, klorini huru inajitokeza na harufu inapungua. Kwa maji yenye nitrojeni ya amonia ya 0.1, dozi ya miligramu 1 hivi inavuka kizingiti hicho, na ladha huwa nafuu baada ya kuongeza dawa. Yenye miligramu 1 yanadai 8 hadi 10, na hiyo si kazi ya kifaa cha vidonge kwenye bomba la jamii. Hapo chanzo ndicho cha kuchunguzwa, pamoja na umbali wake na vyoo.

Zimebaki imani mbili zinazosumbua. Ya kwanza, kwamba maji yasiyo na ladha ya dawa hayana dawa. Mabaki ya 0.4 yanalinda dumu na wengi hawayatambui ulimini, kwa hiyo ulimi si kipimo. Ya pili, kwamba klorini inatengeneza kila maji. Haiondoi floraidi, aseniki wala chumvi, na baadhi ya vijidudu vyenye ganda gumu, kama kriptosporidiamu, hustahimili viwango hivi.

Mwisho wa mstari ni nyumbani, na huko kipimo kifanyike kwenye maji yaliyokaa saa 24. Bomba likisoma 0.5 na dumu la nyumbani likisoma sifuri, usikimbilie valvu. Chukua dumu jipya, lisuuze, lijaze kwenye bomba lile lile, liache limefunikwa kivulini katika nyumba ile ile hadi kesho. Likibaki na 0.2 na la zamani likawa sifuri, utelezi uliojishika ndani ya dumu la zamani ndio uliokula klorini. Tia changarawe ndogo na sabuni, tikisa kwa nguvu, suuza mara kadhaa, kisha pima tena kesho yake. Yote mawili yakiwa sifuri, hapo sasa maji yenyewe yamebadilika, na zile ndoo nne zinatakiwa kurudiwa.